Yaya, geuza paketi kwanza

Wiki hii sileti habari za bei ya unga wala za wachimbaji. Ninaleta ujumbe nilioandikia dada yangu mkubwa wa Likasi juu ya mtoto wangu, ambaye hawezi kula kalanga. Watu wawili wa hapa mtaani wameniomba niwatumie nakala yake, juu ya watoto wao. Kwa hiyo nimeona afazali niuweke hapa, na nieleze pia sababu ya kuuandika na mambo yaliyotokea baada ya dada kuusoma.

Mtoto wangu ana miaka minne. Alipokuwa na miaka miwili tulikula bukari na sombe iliyotiwa kalanga za kutwanga, sawa vile kila nyumba ya hapa inavyofanya. Kabla sahani hazijaondolewa, midomo yake ilikuwa imevimba na tumbo lake limejaa mapele mekundu, kama mtu aliyeguswa na upupu. Akatapika. Bibi yake akasema amekula haraka. Mapele yakaisha usiku ule, na sisi tukasahau.

Mara ya pili haikuwa sombe. Nilikuwa nimetoka kazini, nikapita kwenye alimantasyo moja, nikanunua paketi ya biskwiti zenye rangi ya chokoleti. Mtoto alikula mbili. Baada ya dakika chache akaanza kukohoa, kisha kifua kikawa kinalia kama filimbi, na sauti yake ikabadilika. Tulipanda pikipiki watatu hadi kituo cha afya. Muuguzi aliyekuwa zamu hakuuliza maswali mengi. Alivunja chupa ndogo ya adrenalini, akamchoma mtoto kwenye paja, na kifua kikaanza kufunguka tukiwa tunaangalia. Walitukatalia kurudi nyumbani. Tulikaa pale saa sita nzima, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi wakati mtu anafikiri umekwisha.

Asubuhi daktari alinieleza. Mtoto ana alerji ya kalanga, kitu ambacho Kiswahili cha vitabu kinaita mzio. Si kwamba kalanga zilikuwa zimeoza au zilikuwa na sumu. Mwili wa mtoto unachukua protini iliyo ndani ya kalanga kuwa adui, unapigana nayo, na vita hiyo ndiyo inayovimbisha koo na kufunga kifua. Kuchemsha hakuondoi protini ile, kukaanga hakuiondoi. Na kidogo kinatosha.

Nilirudi nyumbani nikatafuta ile paketi ya biskwiti. Mbele kulikuwa na picha ya chokoleti na ya maziwa. Nyuma, kwa maandishi madogo, kati ya maneno ya mwisho, kulikuwa na neno la Kifaransa: arachide. Mimi ninasoma Kifaransa. Ninasoma karatasi kwenye mikro kila siku. Lakini sikuwa nimegeuza paketi.

Sasa mwaka huu, wakati wa vakansi, mke wangu alikuwa karibu kujifungua, na tulipatana mtoto akae mwezi mmoja Likasi kwa shangazi yake, yaani dada yangu. Nyumba ya dada si nyumba ya watu wachache. Tangu mwaka 2025 amepokea shemeji yetu aliyekimbia Bukavu pamoja na watoto wake wawili; walipita ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha wakashuka mpaka Likasi. Wanaopika pale ni wawili, wanaonunua ni watano, na kila mtu anapenda kumpa mtoto kitu mkononi. Ndiyo maana niliandika. Kwanza nilirekodi ujumbe wa sauti wa dakika nane. Kisha nikaufuta, kwa sababu sauti huwezi kuibandika kwenye mlango wa kabati.

Huu ndio ujumbe.

Yaya, jambo sana. Shukrani kwa kukubali kumpokea mtoto. Unajua hali yake, lakini nataka nikuambie mambo yote pole pole, ili wewe na shemeji muwe na neno moja.

Jambo la kwanza ni hili: kitu chochote kilichofungwa kiwandani, kigeuze kwanza kabla ya kumpa. Usiangalie picha ya mbele. Picha inauza tu. Nyuma au pembeni kuna orodha ya vitu vilivyomo. Kwa Kifaransa inaanza na neno Ingrédients, kwa Kiingereza ni Ingredients, karibu sawa. Orodha ile inaanza na kitu kilicho kingi zaidi na inaishia na kilicho kidogo zaidi. Kwa hiyo usisome maneno mawili matatu ya mwanzo ukaacha. Ya mwanzo mara nyingi yatakuwa ngano, sukari na mafuta. Kalanga inaweza kuwa ya mwisho kabisa, na kwa mtoto huyu ya mwisho inatosha kumlaza hospitali.

Bidhaa za hapa kwetu zinatoka sehemu nyingi, na kila moja inaita kalanga kwa jina lake. Andika majina haya kwenye kipande cha karton, kwa herufi kubwa, ukibandike kabatini:

arachide
cacahuète
peanut
groundnut
karanga
amendoim
花生

Mawili ya kwanza ni Kifaransa. Peanut na groundnut ni Kiingereza. Vitu vinavyotoka Zambia na Afrika Kusini utaona yote mawili. Karanga ni kwa vitu vya Tanzania. Amendoim ni Kireno, kwa vile vinavyoingia kutoka Angola. Ya mwisho ni Kichina. Usiogope, si lazima uisome kwa mdomo. Ni alama mbili tu zinazofuatana. Nimekutumia na picha yake kubwa. Ukiwa na paketi ya duka la Wachina, weka karton karibu nayo, tafuta alama zile mbili moja kwa moja katika orodha. Ukiziona, rudisha. Na kama orodha ni ya Kichina peke yake na macho yamechoka, rudisha vilevile.

Jambo la pili: ukimaliza orodha, usisimame hapo. Shuka chini yake. Bidhaa za Ulaya zinalazimishwa na sheria yao kuandika kalanga ndani ya orodha kwa herufi nene au namna nyingine ya kuonekana. Za Afrika Kusini mara nyingi zina mstari wa peke yake unaoanza na neno Contains, maana yake kuna kitu hiki ndani. Lakini kuna mstari mwingine ambao ndio unaodanganya watu. Kwa Kifaransa unasema Peut contenir, kwa Kiingereza May contain. Maana yake ni kwamba kalanga haikutiwa katika biskwiti hii, lakini mashini ileile ilipitisha kitu chenye kalanga, na mabaki yanaweza kuwa yamebaki. Watu wanasema, ah, ni "inaweza" tu. Kwa mtoto wetu hakuna inaweza. Ukiona mstari ule pamoja na jina moja la kwenye karton, usimpe.

Na ujue pia upande wa pili wa jambo hili: mstari wa "inaweza" kiwanda kinauandika kwa kupenda chenyewe. Kwa hiyo kama haupo, hauwezi kusema kwa hakika mashini yao ni safi. Kwa sababu hiyo chokoleti, biskwiti zenye krimu na bonbon zenye kitu ndani, hata zikiwa bila maandishi hayo, tafazali usianze kumuonjesha aina mpya wakati sipo. Nimemfungia biskwiti zake ambazo tumezizoea. Zikiisha nitume nyingine.

Utaona neno lingine: fruits à coque. Hilo lisikuchanganye. Ni njugu za mitini, kama korosho na lozi. Kalanga haimo katika neno hilo, kwa sababu kalanga inazaa chini ya udongo, ni ndugu ya maharagi. Kwa hiyo paketi inaweza kusema haina fruits à coque na bado ikawa na kalanga. Tafuta jina la kalanga lenyewe. Na maharagi anakula bila shida, usimnyime. Soya vilevile anakula.

Jambo la tatu: soma kila mara. Hata paketi uliyosoma juma lililopita. Kiwanda kinabadilisha namna ya kutengeneza bila kubadilisha picha. Na biskwiti ya jina moja inaweza kuwa salama katika paketi ndogo, na katika paketi kubwa ikawa imetoka kiwanda kingine.

Jambo la nne: kitu kisicho na maandishi hakina wa kukijibia. Maziwa ya unga yanayopimwa sokoni katika vifuko vidogo, biskwiti zilizotolewa kwenye karton na kuuzwa moja moja, unga uliochanganywa wa uji wa watoto. Huenda ni vizuri, lakini maandishi yamebaki kwenye gunia na gunia hatulioni. Usimpe. Kwa uji, tumia unga wa mahindi uliosagishwa na wewe, na uulize kwenye mashini kama wamesaga kalanga asubuhi ile. Kama wamesaga, ngoja siku nyingine au nenda kwenye mashini isiyosaga kalanga kabisa. Kikanda usimpe hata kidogo. Unajua mwenyewe kwamba nusu yake ni kalanga zilizotwangwa, ingawa ukiiangalia kwa macho inafanana na nyama. Na mandazi ya njiani uache, kwa sababu hatujui mafuta yale yamekaanga nini. Mafuta ya kalanga yanayokamuliwa hapa kwetu bado yana protini ndani yake.

Jambo la tano: ikitokea. Mapele, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa, kifua kulia, sauti kubadilika, au mtoto kulegea ghafla. Mara nyingi inaanza ndani ya dakika chache, lakini inaweza kungoja hadi saa mbili. Kama ni mapele machache tu, mpe ile dawa ya maji niliyoifunga, na umuangalie bila kumuacha. Lakini kama kifua, koo au kulegea vimeingia, au anatapika pamoja na mapele, dawa ile haitoshi, usingoje ifanye kazi. Mpeleke kituo cha afya palepale. Usimtembeze kwa miguu. Mlaze na miguu juu, au kama anashindwa kupumua umkalishe kwenye mapaja yako. Ukifika mlangoni sema maneno haya: "Ana alerji ya kalanga, anahitaji adrenalini kwenye paja." Uzito wake ni kilo kumi na sita, waambie. Kabla hajafika kwako, wewe mwenyewe pita kwenye kituo kilicho karibu, uwaulize kama wanayo adrenalini. Kama hawana, uulize ni kituo gani kinayo, ujue njia mapema.

Ukiwa na mashaka juu ya paketi yoyote, piga picha ya nyuma na unitumie. Nitaweka mega kila siku. Kama sijajibu, jibu ni hapana. Salimia shemeji na watoto. Ndugu yako.

Huo ndio ujumbe. Dada alinijibu kwa maneno matatu: "Nimesoma. Karton iko." Akatuma picha ya kabati lake. Herufi za Kichina alikuwa amezichora mwenyewe kwa makaa, kubwa kama kiganja.

Siku ya tano picha ya kwanza ya paketi ikafika. Ilikuwa biskwiti ya kawaida, ya kakao. Dada aliandika: "Nimesoma orodha yote mara mbili, hakuna jina la karton. Nimpe?" Nikafungua picha. Kweli, orodha ilikuwa na ngano, sukari, mafuta ya mawese, kakao, maziwa, chumvi na soya. Ilikuwa safi. Lakini niliona kwamba upande wa chini wa picha plastiki ilikuwa imekunjwa pale inapogundishwa. Nikamwambia afungue ule mkunjo kwa ukucha apige tena. Picha ya pili ikaja. Chini ya mkunjo kulikuwa na mstari mmoja mdogo: Peut contenir des traces d'arachides. Dada hakuandika kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kwa nini wanaficha. Nikamjibu kwamba sifikiri wanaficha. Mashini ya kufunga inakunja inapokunja, na yule aliyepanga maandishi hakuwa anafikiria mtoto wa Likasi. Tangu siku ile, kwake kusoma paketi ni pamoja na kukunjua kila kona.

Lakini jambo lililotupa kazi zaidi halikutoka dukani. Lilitoka kwenye mfuko wa shemeji.

Mtoto mdogo wa shemeji ana mwaka mmoja na nusu. Safari ya kutoka Bukavu ilimkonda. Walipompima mkono kwa ule utepe wa rangi, ulisimama kwenye nyekundu, na kituo cha afya kikaanza kumpa vile vifuko vya chakula cha dawa ambavyo familia nyingi zilizohama zinavijua: Plumpy'Nut. Kila juma shemeji anarudi na vifuko vyake, na mtoto amefyonza kifuko kimoja kimoja mpaka mashavu yamerudi. Katika ujumbe wangu mrefu wote, mimi mwandishi, sikuwa nimekitaja kitu hicho. Sikukifikiria. Sisi tunakiita "Plumpy" au "chokoleti ya kituo", na hakuna mtu nyumbani anayekiita kalanga.

Ni dada aliyekigeuza. Baada ya zile biskwiti alikuwa amezoea kugeuza kila kitu, na jioni moja akachukua kifuko kilichokuwa kwenye meza akakisoma. Arachide. Peanut. Yote mawili. Akanipigia simu, si ujumbe.

Kifuko kile kina uzito wa gramu 92 na kinampa mtoto nguvu ya kalori 500. Ndani yake kuna kalanga zilizosagwa, sukari, mafuta, unga wa maziwa, pamoja na vitamini na madini. Kalanga si kitu kilichopita karibu na mashini. Ndiyo chakula chenyewe. Wafaransa waliokitengeneza katika miaka ya 1990 walichagua kalanga kwa sababu nzuri: unga wa maziwa ukichanganywa na mafuta yake hauhitaji maji, hauhitaji kupikwa, na hauharibiki haraka katika joto. Umeokoa watoto wengi sana. Na jina lake linasema kweli kwa mtu anayejua Kiingereza, kwa sababu "Nut" ile ni ya kalanga. Kwa mama aliyetoka Bukavu na mtoto mgongoni, jina lile halisemi kitu.

Wazo langu la kwanza, nakiri, lilikuwa baya. Nilimwambia dada: vifuko vile vitoke nyumbani. Nyuma ya simu nilisikia kimya, kisha sauti ya shemeji, taratibu sana, ikiuliza: "Basi mtoto wangu atakula nini?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aliyezoea kuambiwa aondoke mahali. Niliona aibu. Kifuko kile kwa mtoto wake ni dawa, na daktari ndiye aliyeiandika. Hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya mtoto mmoja dawa ili mwingine asiguse sumu yake. Ilibidi tutafute njia ya watoto wote wawili.

Tulipatana hivi, sisi watatu kwenye simu. Vifuko vinakaa katika chumba cha shemeji, ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu ya kabati. Mtoto wake anakulia mahali pamoja tu, kwenye mkeka wao, akiwa mikononi mwa mama yake, si akitembea na kifuko mdomoni. Akimaliza, anaoshwa mikono na mdomo kwa maji na sabuni. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ile dawa ya mikono tuliyoizoea tangu Korona, ya chupa, haiondoi kalanga. Inaua mikrobi, lakini protini ya kalanga inabaki kwenye ngozi. Maji peke yake hayatoshi vilevile. Lazima sabuni na kusugua. Kifuko kitupu kinaingia moja kwa moja katika mfuko uliofungwa, si kwenye udongo wa lupango ambako watoto wanaokota. Na kikombe cha maji cha mtoto yule kikawekewa uzi mwekundu, kisichangiwe.

Mwezi ulikwisha. Mtoto wangu alirudi Kapata na meno yake yote na hadithi za treni. Hakuchomwa sindano. Mtoto wa shemeji naye, utepe ulipopimwa mara ya mwisho, ulikuwa kwenye manjano na unaelekea kijani.

Kuna kitu kimoja ambacho naomba familia zilizohama zikichukue kutoka habari hii, kwa sababu kinawahusu zaidi kuliko mimi. Mtoto anapopelekwa kupimwa kama amekonda, kituo kinafanya kwanza jaribio la hamu ya kula. Muuguzi anafungua kifuko palepale, anampa mama, na mtoto anakula mbele yake ili waone kama atatibiwa nyumbani au atalazwa. Hiyo inatendeka mapema, siku ya kwanza, kwenye mstari mrefu, na muuguzi ana watoto hamsini mbele yake. Kama mtoto wako amewahi kuvimba midomo, kutoka mapele au kukosa pumzi baada ya kula kalanga, usingoje kuulizwa. Sema kabla kifuko hakijafunguliwa. Usiogope kwamba watakufukuza bila msaada. Kuna maziwa ya matibabu yanayoitwa F-100, ya unga wa maziwa, sukari na mafuta, bila kalanga, yanayotolewa kwa watoto waliolazwa. Muuguzi akijua hali ya mtoto, anaweza kumtuma anakoweza kutibiwa. Asipojua, atatoa kile kilicho mkononi.

Na wale ambao hawajui kusoma, hilo lisiwe kizuizi. Dada yangu hasomi Kichina, lakini alilinganisha alama na alama. Nakili yale majina saba ya juu kwenye karton, au umpe mtoto wa shule akuandikie, na utembee nayo mpaka dukani. Mwenye duka akikuuliza unatafuta nini nyuma ya biskwiti zake dakika tano nzima, mwonyeshe karton.

Kuhusu bidhaa za Kichina, ambazo hapa Kolwezi ni nyingi, neno la mwisho. Leo kanuni za China zinadai orodha ya vitu vilivyomo iandikwe, lakini onyo la alerji bado ni la hiari. Kanuni mpya iliyotolewa mwaka 2025 italifanya kuwa lazima kuanzia mwezi wa tatu mwaka 2027. Hata hapo, paketi za zamani zitaendelea kuonekana kwenye rafu kwa muda. Kwa hiyo zile alama mbili za karton zitabaki na kazi.

Karton ya Likasi bado iko kabatini. Nilimwambia dada anaweza kuiondoa, mtoto amerudi. Akasema hapana, atarudi vakansi ijayo, na tena shemeji ameanza kujifunza majina yale. Kwa yeye aliyebeba kalanga miezi mitatu bila kujua, sasa ndiye anayegeuza paketi wa kwanza.